Mwenye Juisi Akishika Kipaza Sauti

Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, spika zimeshajaribiwa mara tatu, na kwenye meza ya mbele chupa zimepangwa juu ya barafu, lebo zote zikitazama wageni. Mshereheshaji anamwita mwanzilishi wa kampuni. Anasimama, anarekebisha kipaza sauti, anataja waheshimiwa mmoja mmoja hadi anapochoka na kusema "itifaki imezingatiwa". Kisha inaanza hotuba ambayo wengi waliopo wanaichukulia kama kitu cha kusubirisha watu mpaka mgeni rasmi akate utepe.

Ukweli ni kwamba hotuba hiyo ina wasikilizaji watatu wenye mahesabu yao. Mkulima anataka kujua matunda yake yatanunuliwa kwa kiasi gani na lini. Mwenye duka anapima kama chupa itatoka rafuni. Afisa wa serikali anasubiri maombi. Kila sentensi atakayoitamka mwanzilishi kuhusu matunda itashikwa na mmoja wa hawa, na itarudishwa kwake baada ya miezi sita. Ndiyo maana waandishi wazuri wa hotuba za namna hii huanza na kikokotoo kabla ya kushika kalamu.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama mmoja ameanzisha kiwanda kidogo cha juisi ya nanasi karibu na Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, eneo linalofahamika Pwani nzima kwa mananasi. Mashine zake zinajaza chupa 2,000 za mililita 300 kwa siku, yaani lita 600. Rasimu ya kwanza ya hotuba yake, kama zilivyo rasimu nyingi, inasema: "Tutanunua mananasi yote ya wakulima wetu." Ni sentensi tamu, itapigiwa makofi, na haiwezekani.

Hesabu yake si ngumu. Nanasi likishamenywa, likatolewa kiini na kukamuliwa, kilo moja hutoa chini kidogo ya nusu lita ya juisi. Tukikadiria asilimia 45, lita 600 za juisi tupu zinahitaji kilo 1,330 hivi za mananasi. Yakiwa ya kilo moja na nusu kila moja, ni mananasi yapata 900 kwa siku. Hilo ni jambo zuri kwa mkulima mmoja au kikundi kidogo, lakini wakati wa msimu malori yanayotoka Kiwangwa kwenda masoko ya Dar es Salaam hubeba mzigo mkubwa zaidi ya huo. Sentensi iliyofanyiwa hesabu ingesomeka hivi: "Tutaanza na mananasi 900 kwa siku, siku tano kwa wiki." Makofi yatapungua. Lakini kiongozi wa kikundi cha wakulima ataondoka na namba ya kupeleka nyumbani.

Namba hiyo pia inategemea kilichomo ndani ya chupa, na hapa ndipo hotuba nyingi hupita haraka. Neno "asili" hutamkwa mara nyingi bila kusema asilimia. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2005 kinatenganisha juisi, ambayo ni tunda tupu, na nekta, ambayo imeongezwa maji na pengine sukari. Nekta ya nanasi inatakiwa iwe na angalau asilimia 40 ya juisi, ya chungwa asilimia 50, na ya embe asilimia 25, kwa sababu rojo la embe ni zito na halinyweki vizuri bila maji. Hakuna aibu katika nekta. Vinywaji vingi vya embe tunavyovipenda viko katika kundi hilo. Aibu ni kuiita juisi tupu mbele ya watu mia mbili wakati lebo iliyoko mezani inasema vingine.

Tena asilimia hiyo ni pesa ya mkulima. Mama wa Kiwangwa akitengeneza nekta ya asilimia 40 badala ya juisi tupu, lita 600 zitahitaji lita 240 tu za juisi, na mananasi yatashuka kutoka 900 hadi 355 hivi kwa siku. Chupa ni zilezile, mashine ni zilezile, lakini zaidi ya nusu ya soko alilomwahidi mkulima limeyeyuka kwenye maji. Mwanzilishi anayesema "nekta yetu ina asilimia 40 ya nanasi" amemwambia mnywaji anachokunywa, na amemwambia mkulima atauza kiasi gani, kwa pumzi moja.

Halafu kuna bei, na hapo kuna mtego mwingine. Dalali barabarani mara nyingi hununua nanasi kwa moja moja akitazama ukubwa. Kiwanda hupima kwa kilo na hukagua utamu. Utamu hupimwa kwa kifaa kidogo kama darubini fupi: tone la juisi linawekwa kwenye kioo, mpimaji anatazama upande wa mwanga na kusoma namba. Nanasi lililoiva vizuri husoma kati ya 12 na 15 hivi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nanasi likishakatwa haliongezi utamu. Ganda litageuka njano, harufu itakuja, lakini sukari imebaki ileile iliyokuwamo lilipokuwa shambani. Mkulima aliyezoea kukata mapema ili mzigo usioze njiani atafika getini na kilo nyingi zenye namba ndogo, na atarudishwa. Asipoambiwa siku ya uzinduzi, ataambiwa na mlinzi wa geti, na hapo ndipo maneno ya "walituahidi" huanzia.

Mfano wa namna matarajio yanavyoweza kulizidi geti uko jirani. Aprili 2019 Uganda ilizindua kiwanda cha matunda cha Soroti, katika eneo la Teso lenye michungwa mingi, kwa msaada wa Korea Kusini. Mgeni rasmi alikuwa Rais Yoweri Museveni. Wakulima walikuwa wamepanda michungwa kwa miaka wakikisubiri kiwanda hicho. Msimu ulipofika, malalamiko yakawa kwamba kinanunua sehemu ndogo tu ya mavuno, na kwa bei ambayo wengi hawakuitegemea. Mashine za kiwanda hazikuwa mzaha. Ila michungwa huiva kwa pamoja, wakati mashine hufanya kazi kwa saa, na mtu akiahidi bila kutaja kiwango cha saa hiyo, kila mwenye mti hujihesabu kuwa ndani.

Kinachochukua muda mrefu kupita kiasi katika hotuba za wanzilishi wengi ni safari ya maisha: nilianza na blenda moja, nikauza mlangoni kwa jirani, watu wakanicheka. Simulizi haina ubaya, ila iwe fupi. Kampuni ya Innocent ya Uingereza ina mojawapo ya simulizi zinazojulikana zaidi katika biashara hii, na inaelezeka kwa nusu dakika. Mwaka 1998 vijana watatu waliuza vinywaji vya matunda kwenye tamasha la muziki jijini London. Waliweka mapipa mawili ya taka, moja la "ndiyo" na jingine la "hapana", na bango lililouliza kama waache kazi zao watengeneze vinywaji hivyo. Jioni pipa la "ndiyo" lilikuwa limejaa, wakaenda kuacha kazi. Mteja yumo ndani ya simulizi, na ndiye anayetoa uamuzi. Mwanzilishi wetu wa Kiwangwa angefanya vyema kutafuta tukio lake la namna hiyo na kuyaacha mengine kwa ajili ya mahojiano ya redio.

Nafasi atakayookoa aitumie kueleza usalama wa chupa, kwa sababu ndilo jambo analoliogopa mwenye duka. Juisi ya nanasi ina uchachu unaozuia vijidudu vingi hatari, lakini hamira na ukungu vinaupenda. Ndiyo maana huchemshwa kwa muda mfupi kabla ya kufungwa, na viwanda vidogo vingi huijaza ikiwa bado na joto la nyuzi 85 hivi ili joto hilo lisafishe na chupa yenyewe. Chupa ya kawaida ya maji haiwezi kazi hiyo. Inajikunja na kupinda shingo. Inatakiwa chupa ya kioo, au plastiki maalumu inayostahimili joto, ambayo ni ghali zaidi. Mtu aliyeruka hatua hii hujulikana baada ya wiki chache: chupa inavimba, kizibo kinatoa mlio kikifunguliwa, na juisi inanukia pombe. Sentensi moja ya kwamba bidhaa imechemshwa, imepimwa na imesajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linaloshughulikia pia usalama wa chakula, inamtuliza mwenye duka kuliko dakika tano za blenda.

Maombi kwa mgeni rasmi huja karibu na mwisho, naye ndiye atakayejibu. Waswahili tunajua kuomba kwa mzunguko, lakini jukwaani mzunguko hupoteza nafasi. "Barabara kutoka lami hadi kiwandani haipitiki masika" ni ombi linalojibika. "Tunaomba serikali iendelee kutuunga mkono" hujibiwa kwa maneno ya namna hiyohiyo. Na mgeni rasmi naye anaweza kuja na ombi lake. Oktoba 2016 Rais John Magufuli alizindua kiwanda cha kusindika matunda cha Bakhresa huko Mwandege, Mkuranga. Said Salim Bakhresa hajulikani kwa hotuba ndefu. Yaliyosemwa siku hiyo hayakuishia kwenye juisi: rais alimtaka aingie kwenye sukari, na suala la ardhi ya miwa Bagamoyo likafunguliwa palepale. Leo kuna kiwanda cha sukari huko. Anayeandaa hotuba ajiulize mapema atasema nini akiulizwa jambo ambalo halimo kwenye karatasi.

Kwa mama wa Kiwangwa, jambo hilo huenda lisitoke meza kuu kabisa. Litatoka kwa mwenye duka aliyekaa safu ya nne, chupa ya sampuli mkononi, akiwa ameigeuza kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi: zisipoisha kabla ya tarehe hii, mnazichukua au hasara ni yangu? Hotuba iliyoandikwa vizuri inakuwa imeshamjibu, kwa idadi ya siku na jina la cheo cha mtu atakayekuja kuzichukua.