Katibu wa kampuni ni nani, na mimi nilivyompata kwa shida

Wadau, leo tuongelee kitu kilichonigharimu oda ya mchele tani tano. Ukiwa na jina la biashara tu pale BRELA, hili halikuhusu, jina la biashara halihitaji katibu. Lakini ukisajili kampuni, Sheria ya Makampuni ya 2002 inasema lazima iwe na katibu. Na kama mkurugenzi ni mmoja tu, huyo huyo hawezi kuwa katibu.

Wanaoangalia video za Wamarekani huwa wanauliza kuhusu wakala wa kupokea barua za serikali. Kwetu kampuni ya mzawa haina wakala wa hivyo. Kazi yake inafanywa na vitu viwili: ofisi iliyosajiliwa, yaani anuani ambako barua zinafika, na katibu.

Mimi na kaka yangu tunauza mchele wa Ifakara mtandaoni, tunapakia kwenye basi kwenda Dar. Tarehe 10 Machi 2021 tukasajili kampuni. Kijana wa steshenari ndiye aliyetujazia kwenye ORS, ule mfumo wa BRELA. Akauliza, "Katibu nani?" Tukaangaliana. Akasema, "Basi niwekeni mimi." Akatumia akaunti yake, simu yake na barua pepe yake. Tukachukua cheti, tukaenda kula wali.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba kila mwaka, ndani ya siku 28 tangu tarehe uliyosajiliwa, kampuni inatakiwa kupeleka taarifa ya mwaka. Kwenye skrini utaona imeandikwa Annual Return. Ada ni 22,000. Ukichelewa, faini ni 2,500 kwa kila mwezi. Hata kama hujauza kilo moja, inatakiwa. Kukumbuka tarehe hiyo ndiyo kazi ya katibu, na katibu wetu alikuwa ameshahamia mkoa mwingine.

Aprili 2025 mnunuzi wa Dar akaomba taarifa rasmi ya kampuni kutoka BRELA kabla ya kusaini. Ikaonekana tumelala miaka mitatu. Hesabu ilikuwa hivi: taarifa ya 2022 imechelewa miezi 36, faini 90,000. Ya 2023 miezi 24, faini 60,000. Ya 2024 miezi 12, faini 30,000. Jumla ya faini 180,000, ongeza ada tatu 66,000, inakuwa 246,000. Hela tungeipata. Tatizo likawa kuingia kwenye akaunti. Yule kijana akataka alipwe kwanza ndio atukabidhi. Tulipomaliza kubishana naye, mnunuzi alishachukua mzigo kwa mwingine.

Sasa katibu anafanya nini hasa? Anapeleka hiyo taarifa ya mwaka. Anaandika mihtasari ya vikao, ambayo benki nyingi huitaka mkifungua akaunti ya kampuni. Anatunza daftari la wanahisa na la wakurugenzi. Mkibadilisha mkurugenzi au katibu, anapeleka mabadiliko BRELA ndani ya siku 14. Ukatibu peke yake haumpi hisa wala haumfanyi bosi wenu.

Kwa kampuni binafsi ndogo kama zetu, katibu si lazima awe mwanasheria. Sisi tulimchukua dada yetu wa Lipangalala, mtunza vitabu wa kikoba. Nilimpima kwa maswali matatu. Je, anakaa karibu na namba yake ya simu haibadiliki? Je, ana NIDA na barua pepe anayoifungua mwenyewe? Je, ukimuuliza leo kikoba kina shilingi ngapi, anakujibu kwa daftari au kwa kukisia? Dada alifungua daftari.

Ukikosa mtu wa hivyo, tafuta wakili au mhasibu anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Wakili mhakiki kwanza kwenye e-Wakili uone kama ameruhusiwa kufanya kazi. Muandikishane: analipwa kiasi gani kwa mwaka, na ada za BRELA zimo au hazimo. Mtu akikwambia "nitakuwekea jina langu tu, usijali", huyo mkimbie.

Kubadilisha katibu si vita. Wakurugenzi mnakaa, mnaandika muhtasari wa kumtoa wa zamani na kumweka mpya, mpya anakubali kwa maandishi, halafu mnaingiza mabadiliko kwenye ORS.

Leo jioni fanya jambo moja. Toa cheti chako, soma tarehe ya usajili, kisha mpigie katibu wako umuulize kama anaijua. Akikuuliza "kampuni gani?", jua umeshachelewa.