Dakika Tano za Msemaji wa Harusi

Mshereheshaji amempa msemaji wa familia dakika 5. Aandike maneno mangapi?

Kwanza apime kasi yake. Asome kwa sauti, akiwa amesimama, aya yenye maneno 150, huku simu ikihesabu muda. Akitumia sekunde 90, kasi yake ni maneno 100 kwa dakika. Kusoma kimyakimya hakufai kwa kipimo hiki, kwa sababu macho hukimbia kuliko ulimi.

Kisha atoe muda wa ukimya. Dakika 5 ni sekunde 300. Akitenga sekunde 40 za kutua kati ya hoja na 20 za vicheko na vigelegele, zinabaki 240, yaani dakika 4 za kusema. Kwa kasi yake, hotuba iwe na maneno 400, si 500.

Tarakimu nazo hudanganya. Kompyuta huhesabu 1961 kuwa neno moja, ilhali mdomoni ni saba: elfu moja mia tisa sitini na moja.

Katika jaribio la mwisho, aweke alama penye neno la 200. Akilifikia baada ya dakika 3, apunguze aya nzima badala ya kuharakisha.