Vipodozi, Boksi Tatu

Orodha ilikuwa ya ukurasa mmoja, imetumwa kwa simu usiku kutoka Guangzhou. Mwenye mzigo ni dada mwenye saluni na duka Kariakoo, na alitaka vyote vipande ndege ya abiria inayoingia Dar es Salaam Ijumaa. Mashine za kunyolea za kuchaji, boksi mbili. Pawabenki, boksi moja. Vipodozi mchanganyiko, boksi tatu. Gundi ya wigi, boksi moja. Wigi, taulo na vitana, boksi sita.

Wigi, taulo na vitana havina neno. Kwa vilivyobaki, mkaguzi hatazami jina la bidhaa, anatafuta kilichomo ndani: betri, mkebe wenye gesi, au kimiminika chenye harufu kali kinachokauka upesi.

Mashine za kunyolea zina betri ya lithiamu iliyofungwa ndani ya kifaa. Katika kanuni za usafirishaji namba yake ni UN3481, na ndege ya abiria inaweza kuzibeba kwa masharti: zisiweze kujiwasha njiani, na boksi libandikwe lebo ya betri pale kanuni inapodai. Pawabenki ndiyo iliyoleta ubishi.

“Kaka, si nayo ni kifaa tu kama hiyo mashine?”

Sivyo. Kazi yake yote ni kutunza umeme wa kukipa kifaa kingine, kwa hiyo inahesabiwa kuwa betri tupu, UN3480. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za aina hiyo hazipandi ndege ya abiria kama mzigo. Zinakwenda kwa ndege ya mizigo, na kwa kawaida chaji yake haitakiwi kuzidi asilimia 30, maana betri iliyojaa ikiharibika hutoa joto kali zaidi na kuichoma iliyo jirani yake.

Hapo watu huchanganyikiwa, kwa sababu abiria huyohuyo anaruhusiwa kupanda na pawabenki yake mkononi. Mkononi ikianza kufuka moshi mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona. Hata mkononi kuna kipimo: pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, iko ndani ya kikomo cha 100. Ya mAh 30,000 inafika 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Nikamwomba picha za vile “vipodozi mchanganyiko”. Neno hilo mimi siliamini hata siku moja. Ndani mlikuwa na mafuta ya nazi, spreyi ya nywele, rangi ya kucha na asetoni. Mafuta ya nazi yakapita. Spreyi ni UN1950: kinachoisukuma mara nyingi ni butani au propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilieleza jaribio ambalo mkebe wa shampuu kavu ya kupuliza ulifungwa kwenye kompyuta mpakato na betri ikapashwa joto hadi ikawaka. Mkebe ulilipuka kabla ya sekunde 40 kwisha. Ndiyo maana pawabenki na spreyi kwenye orodha moja hunishtua kuliko kimoja peke yake.

Kwa vimiminika, kinachoangaliwa ni joto ambalo mvuke wake huanza kushika moto ukikutana na cheche. Likiwa nyuzi 60 au chini, hicho ni kimiminika kinachowaka. Asetoni ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani hata ikitoka kwenye friza iko tayari kuwaka.

Gundi haikujulikana kwa jina. Nyingine huchanganywa kwa maji, nyingine kwa kiyeyushi kinachowaka. Dawa yake ni karatasi ya usalama ya kiwandani: kipengele cha 9 hutaja joto hilo, cha 14 hutaja namba ya UN. Kwanza linganisha jina lililo kwenye karatasi na lililo kwenye chupa, kwa maana wauzaji wengine hutuma karatasi ya bidhaa nyingine kabisa. Ya kwanza aliyotumiwa ilikuwa ya gundi ya mbao. Ya pili ikawa yenyewe, na kipengele cha 9 kilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri.

Spreyi, rangi, asetoni na gundi vingeweza kuruka kwa kiasi kidogo, kwenye vifungashio vilivyoidhinishwa na tamko lililosainiwa na aliyesomea kazi hiyo. Gharama ingeimeza faida. Vikaenda kwa meli, navyo vikatamkwa, maana bahari ina kanuni zake. Pawabenki zikasubiri ndege ya mizigo.

“Na tungeandika ‘nywele’ tu?” aliniuliza.

Mashine ya eksirei huonyesha mikebe na betri kama mifupa ya samaki. Boksi lote lingebaki Guangzhou, na wigi zake ndani.