Ukija, ungekuja, ungalikuja: ujumbe mmoja na mtamba mmoja

Msimu wa bonasi ulinikuta nyumbani Nyansiongo, kaunti ya Nyamira. Bonasi, kwa msomaji asiyelima majani chai, ni yale malipo ya pili ambayo mkulima hupata mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, juu ya malipo madogo ya kila mwezi. Pesa hizo zikiingia, ndipo karo inapolipwa, mabati yanaponunuliwa na ng'ombe wanapobadilisha maboma.

Jumamosi asubuhi, wanaume wawili waliingia uani. Mmoja ni mzee wa makamo yangu, jirani. Wa pili ni kijana aliyevaa gambuti zenye matope hadi magotini. Kijana alikuwa na noti mfukoni na hasira usoni. Alinipa simu yake kabla hata ya kuketi.

"Prof, wewe ndio mwalimu wa Kiswahili. Soma hii kitu alafu uniambie mzee aliniahidi ama hakuniahidi."

Ujumbe ulikuwa wa Jumatano jioni, na ulisema hivi: "Ungekuja na elfu sitini ningekupea mtamba."

Kijana alipousoma, alielewa kwamba mlango uko wazi: lete elfu sitini, mtamba ni wako. Akauza mbuzi wawili ili kujazia bonasi yake, akakodi bodaboda, akafika Jumamosi. Mtamba hakuwepo. Aliuzwa Jumanne, siku moja kabla ya ujumbe kuandikwa. Mzee naye aliapa kwamba hakudanganya mtu. "Nilimwambia amechelewa," alisema. "Nilimwambia angekuja mapema ningempea. Sasa kosa langu liko wapi?"

Nitaliacha kando hilo la "ningekupea", ambalo kwa Kiswahili sanifu ni "ningekupa". Halikumgharimu mtu chochote. Lililowagombanisha ni silabi -nge-, na nikiri kwamba mzee na kijana wote wawili walikuwa wameisoma sawasawa.

Sarufi tulizofundishwa nazo zinazitenga -nge- na -ngali- bila wasiwasi. E.O. Ashton alifanya hivyo katika sarufi yake ya mwaka 1944, na vitabu vingi vya shule vimemfuata. Kwa mujibu wa mgawanyo huo, -nge- inahusu jambo ambalo halipo sasa lakini bado linaweza kuwazika: "Ningekuwa na pesa, ningenunua mtamba." Sina pesa leo, ila nikizipata kesho, mambo yatabadilika. Kwa upande mwingine, -ngali- inahusu jambo ambalo wakati wake umekwisha: "Ningalikuwa na pesa, ningalinunua mtamba." Mtamba ameshakwenda. Hata nikipata milioni kesho, sentensi hii haibadiliki.

Kwa mgawanyo huo, kijana ana haki. Mzee aliandika "ungekuja", hakuandika "ungalikuja". Mlango aliuacha wazi.

Lakini sikiliza watu wanavyozungumza sokoni, kwenye matatu ya kwenda Keroka, hata katika ofisi za chuo kikuu ninakofundisha. Nani husema "ungalikuja"? Katika mazungumzo ya kila siku, -ngali- imepungua sana, na -nge- imebeba mizigo yote miwili. "Ungeniambia jana ningekungoja" ni sentensi ambayo Mkenya hutamka bila kusita, na hakuna anayeielewa vibaya, kwa sababu neno "jana" limefanya kazi ya -ngali-. Mimi siwezi kuiita kosa. Lugha imehamisha kazi kutoka kwenye kiambishi hadi kwenye maneno ya wakati. Tatizo huzuka pale msemaji anapotumia -nge- kwa maana ya jambo lililopita na kusahau kuweka neno hilo la wakati. Hapo sentensi hubaki na maana mbili, na msikilizaji huchagua ile anayoitamani. Kijana anayetafuta ng'ombe atachagua ile yenye ng'ombe.

Niliwaomba karatasi, nikaandika ule ujumbe kwa namna tatu.

Ya kwanza: "Ukija na elfu sitini nitakupa mtamba." Hii ndiyo ahadi. Kiambishi -ki- katika kishazi cha sharti, -ta- katika kishazi cha matokeo. Hapa mzee angekuwa amejifunga. Kilichobaki ni kijana kutimiza sharti. Methali zetu za onyo zimejengwa vivyo hivyo: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Zinazungumzia jambo ambalo linaweza kutokea, na likitokea, matokeo yake yanajulikana.

Ya pili: "Ungekuja na elfu sitini ningekupa mtamba." Huu ndio ujumbe wenyewe. Kwa mgawanyo wa vitabu, hapa pana uwezekano, lakini wenye shaka. Mzee hakutarajii, ila hajakufungia. Kwa matumizi ya mitaani, yawezekana pia kwamba shughuli imekwisha.

Ya tatu: "Ungalikuja na elfu sitini ningalikupa mtamba." Hapa hapana mjadala. Hukuja, sikukupa, na mtamba hayupo. Anayesoma sentensi hii hakodi bodaboda.

Mzee aliitazama ile ya tatu kwa muda. "Hii ni ya Biblia," akasema. "Sisi hatuongei hivi." Ni kweli, na sikumlazimisha. Nikamwonyesha kwamba angeweza kuibakiza -nge- yake na kuongeza neno moja tu: "Ungekuja Jumatatu..." Jumatatu ikishapita, sentensi inajifunga yenyewe. Au angetumia muundo ambao watu wa bara tunaupenda, wa kuongeza -me-: "Ungekuwa umekuja, ningekuwa nimekupa." Ni mrefu, lakini hauna utata, -me- inaonyesha kwamba kitendo kilitakiwa kuwa kimekamilika.

Jambo moja nisilolikubali ni kuchanganya: "Ungekuja ningalikupa." Wanafunzi huandika hivi mara nyingi. Ukianza na -nge-, malizia na -nge-. Ukianza na -ngali-, malizia na -ngali-. Sababu yake si urembo tu. Vishazi viwili vikivaa viambishi tofauti, msomaji hajui kama sharti limepitwa na wakati au la, na hapo tunarudi kwenye ugomvi uleule. Wapo pia wanaosema "ungelikuja ningelikupa". Hiyo -ngeli- ni sura nyingine ya -ngali-, na haina ubaya mradi itumike pande zote mbili.

Ukanushaji nao una mitego yake. Kijana, akiwa bado amekasirika, alisema: "Usingeniandikia, nisingekuja." Mzungumzaji amekanusha mara mbili, lakini tunachopata ni mambo mawili yaliyotokea: aliandikiwa, na akaja. Katika sentensi za -nge- na -ngali-, ukanushaji hugeuza ukweli. "Ungekuja" hudokeza kwamba hukuja. "Usingekuja" hudokeza kwamba ulikuja. Ndiyo maana lawama hupenda kuvaa -singe-. Msemaji hataji kosa la mwenzake waziwazi, lakini msikilizaji hulisikia. Kuhusu umbo, kijana angeweza pia kusema "hungeniandikia, singekuja", akatumia vikanushi ha- na si- mwanzoni. Umbo hilo hutumika na wengi, ila mtihani hupendelea "usinge-" na "nisinge-", na mwalimu hufanya vyema kumzoeza mwanafunzi nalo.

Turudi kwenye -ki-, kwa sababu nayo ina uchochoro wake. "Ukija nitakupa" huweza kumaanisha "kama utakuja" au "wakati utakapokuja". Kwa anayepanga safari, hii ni tofauti kubwa. Mama akimwambia mwanawe wa Nairobi "ukifika Keroka nipigie simu", hana shaka kwamba atafika. Ukitaka shaka isikike, tumia "ikiwa", "iwapo" au "endapo": "Iwapo utafika leo, nipigie." Ukitaka uhakika usikike, tumia -po-: "Utakapofika, nipigie." Kati ya hizo mbili, -ki- haijiegemezi upande wowote, na mara nyingi muktadha hutosha.

Na kwa vile tuko kwenye -ki-, wasomaji wangu wa magharibi na bonde la ufa, tafadhali, si "ukikuja". Vitenzi vya silabi moja huacha ku- yake baada ya -ki-: ukija, akila, wakinywa. Huirudisha baada ya -nge-, -ngali- na -sipo-: ungekuja, angalikula, wasipokunywa. Masikio yetu yamezoea "ungekuja", tukaibeba ile ku- hadi mahali isipotakiwa.

Vipi kuhusu "kama"? Wapo walimu wanaofuta neno hilo katika "kama ningejua" kwa hoja kwamba -nge- tayari ina sharti ndani yake. Hoja yenyewe ni sahihi, lakini sioni haja ya kalamu nyekundu. "Kama" hapa hutilia mkazo, na humwandaa msikilizaji kwa sharti kabla hajalifikia. Ninalolikazania zaidi ni "laiti", ambalo siku hizi hutumiwa kama kisawe cha "kama". "Laiti" ni neno la kutamani. "Laiti ningalijua!" inakamilika palepale, bila kishazi cha matokeo, kwa maana msemaji anajuta, hajadili masharti. Anayetaka neno la sharti lenye uzito wa kimaandishi anaweza kutumia "lau": "Lau ningalijua, nisingaliuza mbuzi."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika kwenye ile karatasi, na kijana akaisoma kwa sauti, polepole. Halafu akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mbuzi walikuwa wameshauzwa, na wa kurudishwa hawakuwepo.

Mzee alivuta kiti. Chai ililetwa. Baada ya kikombe kimoja akasema kwamba mamake yule mtamba ana mimba nyingine na yuko karibu kuzaa.

"Akizaa jike," akamwambia kijana, "nitakuuzia wewe, na bei ni ileile."

Kijana alinitazama. Nikamwambia hiyo ni -ki- na -ta-, ameahidiwa.

"Na akizaa dume?" akamuuliza mzee.

Mzee alimimina chai nyingine, akaniuliza kama majani yangu ya wiki hiyo yameshachumwa.