Saini iliyovunjikia njiani

Fundi samani mmoja aliiwekea anwani ya duka lake amri ya kupeleka kila barua pepe kwenye Gmail yake. Oda za mteja wake mkubwa zikaanza kuangukia folda ya taka, na mteja hakuwa na kosa lolote.

Mwenye kikoa hutangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Hiyo ndiyo SPF. Barua ikielekezwa upya, inayobisha hodi Gmail ni seva ya duka, nayo haimo kwenye orodha ya mteja.

Kinga inayobaki ni DKIM, saini ya kidijitali inayosafiri na barua yenyewe. Saini hii huvumilia safari, mradi kilichotiwa saini kisiguswe. Kumbe seva ya duka ilikuwa ikibandika “[NJE]” kwenye kichwa cha kila barua! Tulipobofya “Show original” tukaona:

```
spf=fail dkim=fail dmarc=fail
```

Tukaondoa kibandiko. SPF iliendelea kufeli, lakini DKIM ilipita, na DMARC huridhika na mojawapo. Oda zikarudi kikashani. Kwa watumaji wasiotia saini kabisa, fundi sasa hufungua kikasha cha duka moja kwa moja.