Shilingi Ikipanda, Bonasi Hushuka

Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mwenye duka la vipuri vya magari alishusha pumzi, serikali ikatangaza ushindi, na kwenye redio shilingi yetu ikasifiwa kama mwanariadha aliyerudi na dhahabu. Wakulima wa chai hawakuwa na haraka ya kusema lolote, kwa kuwa wao hulipwa sehemu kubwa ya fedha zao mara moja kwa mwaka. Waliposoma hesabu ya Oktoba 2025, wengi walikuta bonasi imepungua, na miongoni mwa sababu walizopewa ilikuwa hiyo shilingi iliyosifiwa.

Tuanzie kwa mwagizaji, maana kwake mambo ni mepesi. Anayeleta mzigo wa dola 10,000 alihitaji shilingi milioni 1.6 dola ilipokuwa 160. Ikiwa 130, anahitaji milioni 1.3. Hali ni hiyo hiyo kwa ngano, mafuta ya kupikia, dawa na mafuta ya gari. Petroli iliyouzwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 217 kwa lita Oktoba 2023 ilikuwa imeshuka hadi karibu 194 Aprili 2024, ingawa bei ya soko la dunia nayo ilichangia. Serikali pia ilipata nafuu: deni la dola, likihesabiwa kwa shilingi, lilipungua bila hata senti moja kulipwa.

Nafuu hiyo humfikia mnunuzi wa kawaida kwa kuchelewa. Mfanyabiashara aliyejaza stoo kwa dola ya 160 hataki kuuza kwa bei ya 130 kabla mzigo wa zamani haujaisha, na hata ukiisha hushusha bei kwa kusitasita. Dola inapopanda, mkono huohuo hubadilisha bei siku hiyohiyo.

Sasa twende kwenye chai. Chai ya mkulima mdogo wa Kenya huuzwa zaidi kwenye mnada wa Mombasa, na mnada huo huendeshwa kwa dola. Mnunuzi mkubwa kuliko wote ni Pakistani. Yeye hajali shilingi iko wapi. Anatazama ubora wa chai, bei ya dola, na hali ya rupia yake. Kwa hiyo shilingi inapopata nguvu, kiwanda hakiwezi kumwambia mnunuzi aongeze dola chache ili mkulima asiumie. Dola ni zilezile. Kinachopungua ni shilingi zinazotoka humo zikibadilishwa benki.

Upande wa pili, gharama za kiwanda ni za shilingi: mishahara, kuni za kukaushia, stima, malori ya kubeba majani kutoka vituoni. Dizeli hushuka kidogo shilingi ikipanda, lakini mpasua kuni hakubali malipo yake yapunguzwe kwa sababu dola imeshuka.

Tuchukue mfano wa tarakimu za kufikirika zilizo karibu na hali halisi. Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Tuseme kilo hiyo imeuzwa Mombasa kwa dola 3. Kiwanda kimetumia shilingi 135 kuitengeneza na kuifikisha sokoni. Mkulima ameshalipwa shilingi 26 za kila mwezi kwa kila kilo ya majani, yaani 117 kwa majani yaliyotoa kilo hiyo. Jumla iliyokwisha kutoka ni shilingi 252. Kinachobaki ndicho bonasi.

Kwa wastani wa shilingi 144 kwa dola, ambao viwanda vilivyo chini ya KTDA vilipata katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2024, dola 3 ni shilingi 432. Ukitoa 252 zinabaki 180, sawa na bonasi ya shilingi 40 kwa kilo ya majani. Mwaka uliofuata wastani ulikuwa 129. Dola 3 zikawa shilingi 387, zikabaki 135, na bonasi ikawa shilingi 30.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Dola ilishuka kwa takriban asilimia kumi tu, lakini bonasi imeshuka kwa robo nzima. Hakuna aliyeiba. Mfanyakazi wa kiwanda amelipwa kamili, mwenye kuni amelipwa kamili, malipo ya kila mwezi hayakuguswa. Pengo lote likamwangukia anayelipwa wa mwisho, naye ni mkulima. Tena ile bonasi si fedha ya anasa. Ndiyo karo ya Januari, ndiyo mabati, ndiyo deni la Sacco.

Kweli, mkulima naye ni mnunuzi. Mbolea yake hutoka ng'ambo, na nauli na unga humhusu kama anavyohusika mtu wa mjini. Ila mbolea hununuliwa mara chache kwa mwaka, na anachookoa hapo ni kidogo kikilinganishwa na shilingi kumi zilizopotea katika kila kilo aliyochuma. Anayechuma kilo 3,000 kwa mwaka amekosa shilingi 30,000.

Kuna pia suala la shilingi hiyo ilipata wapi nguvu. Isingekuwa na ubaya wowote kama ingepanda kwa sababu Kenya ilikuwa imeuza chai, maua na parachichi nyingi zaidi. Iliyopandisha shilingi kwa kasi ni mikopo. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la nje, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili kupunguza hofu kuhusu deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Mwezi huohuo ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi, na wawekezaji wa kigeni wakaleta dola zao. Kwa maoni yangu hatua ile ilihitajika, maana kushindwa kulipa deni lile kungetuumiza sote, wakulima wakiwemo. Lakini ni haki kusema nani alichangia gharama yake.

Hata hivyo, shilingi isiwe kisingizio cha kila kitu. Kiwango cha kubadilisha fedha ni kimoja, Murang'a na Bomet. Kama bonasi ya baadhi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa haikufika hata nusu ya ile ya viwanda vingi vya mashariki yake, sababu haiwezi kuwa dola. Hapo tunazungumzia ubora wa majani, chai iliyolala ghalani bila mnunuzi, mikopo ya kiwanda na uendeshaji wake.

Mkulima anayetaka kujua ukweli aombe takwimu mbili kwenye mkutano mkuu wa kiwanda: wastani wa bei ya kilo kwa dola, na wastani wa kiwango ambacho dola hizo zilibadilishwa. Bei ya dola ikiwa ileile huku bonasi ikipungua, shilingi inahusika. Bei ya dola ikiwa imeshuka, tatizo liko sokoni au katika chai yenyewe. Tangu katikati ya 2024 hadi mwisho wa 2025 dola iliganda karibu na 129. Kikibaki hapo kwa mwaka mzima wa hesabu, meneja atakayesimama mbele ya wakulima kueleza bonasi iliyoshuka atalazimika kutafuta sababu nyingine.