Gharama ya picha kwenye bando: nakala ya akiba ndiyo mlaji

Wafanyabiashara wanaonadi mali kwa simu hulalamika kwamba bando linakwisha mapema kwa sababu ya picha wanazowatumia wateja. Hesabu inaonyesha kwamba mara nyingi picha hizo sizo zenye kosa.

Picha ya kamera ya megapikseli 12 huwa na wastani wa MB 4. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa kabla ya kuondoka na kubaki kama MB 0.2. Ikitumwa kama "Document", huenda nzima.

Tuchukue mfano wa mwuza vitenge wa Kariakoo anayenunua bando la MB 1,000 kwa Sh. 2,000, yaani Sh. 2 kwa kila MB. Kwa siku hupiga picha 60, akachagua 20 na kuzituma kwenye kundi la wateja. Picha hizo 20 zikibanwa ni MB 4, sawa na Sh. 8. Akizituma kama "Document" ni MB 80, sawa na Sh. 160.

Lakini ikiwa Google Photos imeruhusiwa kuhifadhi nakala kwa bando, zile 60 zote, pamoja na zilizotoka vibaya, hupanda zikiwa nzima. Hizo ni MB 240, au Sh. 480 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 12,480, wakati picha zilizowafikia wateja zimegharimu Sh. 208 tu. Bando lake litakata siku ya tano.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, utazame kila programu imekula kiasi gani. Google Photos ikiizidi WhatsApp, mlaji amepatikana. Ingia mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya "Backup", uzuie matumizi ya bando. Nakala zitasubiri Wi-Fi. Tahadhari: ukiunganishwa na hotspot ya simu ya jirani, mara nyingi simu yako huihesabu kuwa Wi-Fi, na nakala zitapanda kwa bando lake.

Hatua ya pili ni kufuta picha mbovu kabla ya kufika penye Wi-Fi. Ya tatu ni kupunguza ukubwa kwenye kamera yenyewe: megapikseli 3 hutoa picha yenye takriban robo ya MB za ile ya 12, nayo inatosha kioo cha simu.

Kubana kuna mipaka yake. Mteja anayetaka kukagua ufumaji, au mchapaji wa kalenda, anahitaji picha kubwa. Huyo mtumie moja au mbili kwa "HD", ambayo WhatsApp iliiongeza mwaka 1923 + 100, yaani 2023, au kama "Document". Zilizobaki ziende kwa njia ya kawaida.